Bei ya Kopo na Bei ya Ukuta: Hesabu ya Rangi ya Chumba Kimoja

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie bei za rangi, nami nitabaki kwenye jambo moja tu: namna ya kujua, kabla hujatoa fedha, ni rangi ipi itakayokugharimu kidogo ikishakauka ukutani. Bei ya kopo kila mtu anaiona, imebandikwa. Bei ya ukuta haijabandikwa popote, inabidi uitafute mwenyewe. Kuitafuta kunahitaji namba tatu, na namba hizo hazina uzito sawa.

Namba ya kwanza ni bei ya lita. Ya pili ni mita za mraba ambazo lita moja inapaka kwa mkono mmoja. Ya tatu ni idadi ya mikono, yaani mara ngapi ukuta utarudiwa mpaka rangi ya zamani isionekane. Ukizidisha bei ya lita kwa idadi ya mikono, kisha ukagawa kwa mita ambazo lita inapaka, umepata gharama ya mita moja ya mraba iliyokamilika. Hesabu ni hiyo tu. Ugumu uko katika kuzipata hizo namba mbili za mwisho zikiwa za kweli.

Tuanze na ile inayoandikwa kwenye kopo. Utasoma "mita 10 hadi 12 kwa lita". Wengi huiona wakadhani lita moja itamaliza mita 12 za ukuta. Sivyo. Hiyo ni kwa mkono mmoja, na mara nyingi imepimwa kwenye sehemu laini isiyonyonya kitu. Ukuta wako una vinyweleo, una mikwaruzo, na pengine una plasta yenye chengachenga. Ukuta mbovu ukikupa robo tatu ya kilichoandikwa usishangae.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na naomba mnivumilie kidogo hapa kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake. Rangi ya maji ikikauka, maji yanaondoka. Kinachobaki ukutani ni ile sehemu ngumu: gundi inayoshikilia, unga unaoficha, na unga wa kujazia. Ukiwa na asilimia ya sehemu ngumu kwa ujazo, unaweza kukadiria lita itapaka mita ngapi. Zidisha asilimia hiyo kwa 10, gawa kwa unene wa tabaka kavu katika maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Rangi yenye sehemu ngumu asilimia 40, ikiachwa na unene wa maikroni 30, inapaka mita 13 na kidogo. Rangi yenye asilimia 25, kwa unene uleule, inapaka mita 8 na kidogo. Asilimia hiyo aghalabu haipo kwenye kopo. Iko kwenye karatasi ya maelezo ya kiufundi, ambayo muuzaji anaweza kukupa ukimwomba.

Sasa tazameni kinachotokea. Hakuna kinachomzuia mtu kuivuta ile rangi ya asilimia 25 mpaka ifike mita 13. Rola itafika. Lakini tabaka litakalobaki litakuwa na maikroni 19 tu, na rangi ya chini itachungulia. Kwa hiyo namba ya mita kwa lita ikiwa peke yake haikuambii kitu. Inaanza kusema ukweli pale tu unapojua, kwa mita hizo, rangi inaficha kiasi gani. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha rangi za ndani, EN 13300, hakimruhusu mtengenezaji kutaja daraja la kuficha bila kutaja na mita kwa lita alizopimia. Daraja la 1 ni rangi inayoficha asilimia 99.5 au zaidi, daraja la 2 ni kuanzia 98. Mkikuta kopo limeandikwa "daraja la 2 kwa mita 7" na jingine "daraja la 2 kwa mita 10", sasa mna vitu viwili vinavyolinganishika. Hilo la pili linafanya kazi ileile kwa rangi iliyo kidogo kuliko la kwanza.

Kinachoficha hasa ni unga mweupe uitwao titani dioksidi. Unavunja mwanga kuliko unga mwingine mweupe wowote wa kawaida, na ndio unaopandisha bei ya rangi. Rangi ya bei ya chini hupunguza unga huu na kujazia chaki. Chaki ndani ya gundi karibu haifichi kitu, kwa sababu inavunja mwanga takriban sawa na gundi yenyewe. Watengenezaji huizidisha chaki mpaka gundi isitoshe kuizunguka yote. Hapo hubaki vijishimo vya hewa, na hewa hiyo inaficha. Ukuta ukikauka unaonekana mweupe vizuri kabisa. Ila umenunua weupe wa hewa: pitisha kitambaa kibichi cha rangi ya giza, kitatoka na vumbi jeupe, na ukuta ukilowa doa linaonekana.

Basi tuingie chumbani. Nitatumia chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, tunapaka kuta tu. Mzunguko wake ni mita 14, mara 2.7 ni 37.8. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.5 kwa 1.2, zinabaki mita za mraba 34 na pointi chache. Tushike 34. Kuta zilikuwa na rangi ya kahawia, mwenyewe anataka nyeupe isiyong'aa.

Ana rangi mbili mbele yake. Bei nitazitaja kwa uwiano ili kila mmoja aweke fedha yake: lita ya rangi nafuu tuiite 100, lita ya rangi ghali tuiite 180. Ile nafuu imeandikwa mita 10, ukutani kwake inatoa 8, na kufunika kahawia inahitaji mikono mitatu. Ile ghali imeandikwa 13, ukutani inatoa 11, na inamaliza kwa mikono miwili.

Rangi nafuu: 100 mara 3, gawa kwa 8, ni 37.5 kwa mita. Rangi ghali: 180 mara 2, gawa kwa 11, ni karibu 32.7. Kwa chumba kizima, nafuu inakula lita 12.75, sawa na 1,275. Ghali inakula lita 6.2 hivi, sawa na kama 1,113. Rangi ambayo lita yake ina bei karibu mara mbili ndiyo iliyotoka chini.

Naomba msiondoke na jibu hilo kama sheria. Badilisheni kitu kimoja tu: tuseme kuta zilikuwa nyeupe tangu awali, safi, zimefifia tu, na rangi zote mbili zinamaliza kwa mikono miwili. Sasa nafuu ni 100 mara 2 gawa kwa 8, yaani 25 kwa mita. Ghali imebaki 32.7. Ushindi umehama, na umehama kwa tofauti kubwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu leo. Katika mfano huu, mikono ikiwa mitatu kwa miwili, rangi ghali inaweza kuuzwa hadi mara 2.06 ya bei ya nafuu kabla haijaanza kukutia hasara. Mikono ikiwa sawa, kikomo kinashuka hadi mara 1.375. Mita kwa lita zimesogeza hesabu kidogo, mkono wa tatu umeigeuza. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani, kabla ya lile la nani ana lita ya bei ya chini, ni hili: kwenye ukuta wangu, nikitoka kwenye rangi hii niliyonayo kwenda kwenye ile niitakayo, kila moja itataka mikono mingapi? Muuzaji hawezi kulijibu kwa uhakika. Ukuta wako unaweza.

Kuna gharama nyingine inayopanda pamoja na mkono wa tatu, nayo ni kazi. Kama fundi analipwa kwa mita kwa kila mkono, tuseme 15 kwa uwiano wetu uleule, mkono mmoja wa mita 34 ni 510. Rangi nafuu yenye mikono mitatu inafika 2,805 pamoja na kazi, ghali inaishia kama 2,133. Fundi akiwa amepatana bei ya jumla, hali ni tofauti na inahitaji uangalifu: kila mkono wa ziada unatoka mfukoni mwake, basi atavutwa kuishia mkono wa pili hata kama ukuta bado unachungulia. Patana naye idadi ya mikono, na patana naye maji. Kopo hutaja kiasi cha maji kinachoruhusiwa kwa kila mkono. Ukiongeza lita 2 za maji kwenye lita 10 za rangi umepata lita 12 za kioevu, lakini sehemu ngumu ni ileile. Ukuta utapata tabaka jembamba zaidi kwa kila mita ulizojiongezea.

Sasa, hizi namba za 8 na 11 nimezitoa wapi? Zinapatikana kwa kupima, na kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya mizani ya jikoni, rola ndogo, na kopo dogo kabisa la kila rangi unayoifikiria. Fanya hivi. Kwanza tafuta uzito wa lita. Pima mililita 100 za rangi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama, uone zina gramu ngapi ukishaondoa uzito wa chombo. Rangi za maji nyingi zina gramu 130 hadi 150, ambayo ni kilo 1.3 hadi 1.5 kwa lita. Kisha chora kwa penseli eneo la mita 2 za mraba mahali penye ukuta wa wastani, pasiwe bora kuliko pote wala pabaya kuliko pote.

Lowesha rola kwa rangi kwanza, maana rola kavu hunywa kiasi kizuri kabla haijatoa kitu. Weka sinia, rangi na rola vyote pamoja kwenye mizani, andika uzito. Paka eneo lako kwa mkono wa kawaida, usibane wala usimwage, kisha rudisha vyote kwenye mizani. Tuseme ilikuwa gramu 1,420 na sasa ni 1,070. Zimeondoka gramu 350. Kama lita ina kilo 1.4, hiyo ni robo lita kwa mita 2, yaani mita 8 kwa lita. Namba hiyo ni ya ukuta wako na mkono wako.

Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, rudia mkono wa pili na upime tena. Mara nyingi mkono wa pili unaenda mbali zaidi, kwa sababu wa kwanza umeshaziba vinyweleo. Chukua wastani wa mikono yote, usichukue mmoja unaokupendeza. Na usihukumu rangi ikiwa mbichi. Subiri ikauke kabisa, simama pembeni mwanga wa dirisha uje kwa ubavu, na tazama mpaka wa eneo lako: bado kahawia inachungulia kwenye njia za rola? Kama ndiyo, huo ni mkono mwingine, na sasa unajua bei yake. Ukipima rangi mbili, zipange jirani kwenye ukuta uleule, siku ileile.

Plasta mpya isiyowahi kupakwa ni kesi ya peke yake. Inakunywa mkono wa kwanza mpaka namba zako zote zinaharibika, na ikiwa haijakaa wiki nne hivi kukauka, ukali wake unaweza kuila rangi. Hapo mkono mmoja wa praima ya plasta huwa na faida, kwa kuwa unakata kiu kwa bei ya chini na rangi yenyewe inabaki juu. Ipime praima kama rangi nyingine yoyote na uiingize kwenye hesabu.

Angalizo moja kuhusu rangi kali. Njano safi, nyekundu na machungwa hutengenezwa kwenye msingi wenye titani dioksidi kidogo sana au usio nayo kabisa, kwa sababu weupe ungeifanya rangi ipauke. Vikolezo vya rangi hizo vingi havifichi vizuri. Nyekundu iliyokolea inaweza kudai mikono minne juu ya nyeupe hata ikiwa ya kampuni nzuri. Dawa yake ni praima iliyotiwa kijivu au rangi iliyo karibu na ile ya mwisho, ambayo huondoa mkono mmoja au miwili ya rangi ghali. Msimlaumu fundi wala kopo kabla ya kujaribu hilo.

Nimebakiza mng'ao. Watu hulinganisha isiyong'aa na ile ya mng'ao wa hariri kwa bei ya lita, na kwa bei ya lita tofauti huwa ndogo. Tuseme ile rangi ghali ikiwa na mng'ao wa hariri ni 200 badala ya 180, na nyingine zote ziko vilevile. Mita inatoka 32.7 kwenda 36.4, na chumba chote kinaongezeka kama 124. Wala hiyo siyo gharama ya mng'ao. Gharama yake iko chini ya rangi. Mng'ao unarudisha mwanga, na mwanga wa pembeni huonyesha kila kivimbe, kila kiraka cha puti, kila mahali msasa haukupita. Ukuta ambao kwa rangi isiyong'aa ungesahihishwa mahali hapa na pale, kwa rangi inayong'aa utadai puti ukuta mzima, msasa, na pengine puti tena. Mita 34 za puti na msasa zinameza ile 124 mara nyingi. Kabla ya kuchagua mng'ao, zima taa ya chumba usiku, weka tochi ubavuni mwa ukuta imwage mwanga kwa kufuata uso wake. Kama hupendi unachokiona, mng'ao utakufanya ukione kila asubuhi.

Kuna na la kiraka. Kwenye rangi isiyong'aa, doa likipakwa upya kwa rangi ya kopo lilelile kwa kawaida halionekani sana. Kwenye ile inayong'aa, kiraka kinameta tofauti na majirani zake, na mwisho wake unapaka ukuta wote kutoka kona hadi kona.

Kinachowafanya watu wachague mng'ao ni kwamba unafutika kwa kitambaa. Hilo lilikuwa kweli zaidi zamani kuliko sasa. Leo kuna rangi zisizong'aa zinazosuguliwa vizuri, na EN 13300 inalipima hilo peke yake, mbali na mng'ao: daraja la 1 ni rangi inayopoteza chini ya maikroni 5 baada ya kusuguliwa ikiwa imelowa mara 200, na daraja la 2 ni 5 hadi chini ya 20. Kwa maoni yangu, chumba cha kulala au sebule yenye kuta za wastani ipakwe rangi isiyong'aa ya daraja la 1 au la 2 la kusugua. Mng'ao nauweka pale tu penye mvuke na mafuta, na kwenye mbao. Dari iache bila mng'ao kabisa, na iwe rangi nafuu, kwa kuwa haiguswi na mtu na mara nyingi ni nyeupe juu ya nyeupe. Pale hesabu ya mikono sawa kwa sawa ndiyo inayotawala.

Mwisho ni kununua. Hesabu yetu ilitoa lita 6.2 za rangi ghali, lakini makopo yana ukubwa wake. Ukienda juu mpaka 7 kwa makopo ya lita moja moja, mara nyingi kila lita inapanda bei. Ukichukua makopo mawili ya lita 4 umebaki na karibu lita 2. Kokotoa gharama kwa makopo utakayobeba, siyo kwa lita za kwenye karatasi, kwa sababu tofauti ya 1,113 na 1,275 inaweza kumezwa yote na kopo moja la ziada. Rangi ikiwa ya kukorogwa kwa mashine, nunua yote kwa mkupuo mmoja, angalia namba ya toleo kwenye makopo ifanane, na yachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza. Ukirudi dukani kwa lita moja katikati ya ukuta, unaweza kupewa rangi yenye jina lilelile inayotofautiana kidogo, na hapo utapaka ukuta mzima upya kwa bei ya lita ya rejareja. Asanteni. Sasa nipo tayari kwa maswali, na mwenye vipimo vya chumba chake avitaje tuvipigie hesabu hapa hapa.